Somo: Kumwandikia mkufunzi ukikwama mpakani

Niliwahi kukosa kipindi cha vitendo cha huduma ya kwanza kwa sababu basi letu lilikwama mpakani. Nilichotuma ni hiki: "Samahani Mwalimu, kuna foleni, nitachelewa kidogo." Mkufunzi akanisubiri, mwenzangu wa zoezi la kufunga bendeji akakaa bila mtu wa kufanya naye, na nikafika watu wameshaondoka. Kilichoharibu ni neno "kidogo". Mkufunzi akisoma hivyo anasubiri, kumbe angeshampangia mwenzangu mtu mwingine.

Hatua ya 1: Jua umefikia wapi. Kwa basi, kuvuka si dirisha moja. Unagongewa muhuri wa kutoka, unagongewa wa kuingia, mizigo inakaguliwa forodhani, kisha basi linasubiri hadi abiria wa mwisho amalize. Kwa hiyo usiandike "nimeshagongewa, naja" wakati nusu ya abiria bado wako kwenye foleni. Muulize kondakta wamebaki wangapi na kama karatasi za basi lenyewe zimeshapita.

Hatua ya 2: Tuma ujumbe wa kwanza ukiwa bado kwenye foleni. Usingoje uhakika. Mpakani simu hudaka mnara wa upande wa pili, laini ikakosa huduma, na ujumbe ukabaki kwenye simu bila kutoka. Pale simu inaposhika vizuri ndipo pa kuandikia. Usikisie saa ya kufika. Taja saa utakayotoa taarifa tena, maana hiyo iko mikononi mwako. Mimi sasa ningeandika hivi:

"Habari za asubuhi, Mwalimu. Niko mpakani tangu saa 11 alfajiri, basi letu bado halijaruhusiwa kuvuka. Kipindi cha vitendo cha saa 4 asubuhi sitakiwahi. Tafadhali mpangie mwenzangu mtu mwingine. Nitakupa taarifa saa 6 mchana."

Sentensi inayomhusu mwenzangu ndiyo yenye kazi kubwa humo. Inampa mkufunzi jambo la kuamua hapo hapo.

Hatua ya 3: Angalia saa. Nchi mbili jirani zinaweza kupishana saa nzima, na simu hujibadilisha yenyewe ikidaka mnara wa ng'ambo, hata kabla hujavuka. Andika "kwa saa za huko darasani". Kama mkufunzi hahesabu saa kwa Kiswahili, weka 10:00 badala ya saa 4, la sivyo ataisoma kama 4:00, yaani saa 10 jioni.

Hatua ya 4: Ujumbe wa pili, ukishavuka. Huu ndio wa mahudhurio. Taja kipindi ulichokosa, ulichelewa kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, kisha uliza jambo moja: "Naweza kufidia zoezi hili na kundi lingine kabla ya kipindi kijacho?" Usiombe tu kuandikwa kwamba ulikuwepo. Kwenye mafunzo ya vitendo kuna mazoezi ambayo usipoyafanya huruhusiwi kuendelea na hatua inayofuata, na mkufunzi hana namna ya kukuandikia jambo ambalo hukulifanya.

Maswali ya wanachama

*Muhuri wa pasipoti unatosha kuwa ushahidi?*
Kwa kawaida muhuri huonyesha tarehe na kituo, si saa. Unathibitisha kwamba ulivuka siku ile, basi; hauonyeshi kwamba ulikaa hapo kwa muda wa saa sita. Uambatanishe na tiketi yenye saa ya kuondoka, na ukiweza omba kampuni ya basi barua fupi yenye saa halisi ya kufika. Ukipiga picha ya ukurasa wenye muhuri, hakikisha namba ya pasipoti haionekani.

*Je, nipige picha ya foleni?*
Hapana. Vituo vingi vya mpakani vinakataza picha, na unaweza kunyang'anywa simu au kuhojiwa, ukachelewa zaidi. Tiketi na muhuri vinakutosha.

*Mkufunzi wangu ni mdogo kwangu kwa umri. Shikamoo siwezi kumwandikia, na nikimwita jina naona kama namdharau.*
"Habari za asubuhi, Mwalimu" inakaa vizuri kwa umri wowote. Salamu iwe mstari mmoja, halafu shida yako, kwa sababu huenda anasoma akiwa amesimama mbele ya darasa.

*Mimi laini ilikufa kabisa, nikapata mtandao saa 9 alasiri, kipindi kimeisha. Nianzie wapi?*
Anza na ujumbe wa pili moja kwa moja, na useme wazi kwamba laini haikushika tangu saa fulani. Safari ijayo, kabla hujaondoka, mwachie mwanadarasa mmoja namba ya basi na saa ya kipindi, mkubaliane kwamba asipokusikia nusu saa kabla ya kuanza, amwambie mkufunzi kuwa uko njiani na huna mawasiliano.