Kupanga posti za wiki nzima: saa moja jioni siyo 1:00 PM

Somo hili ni la mwenye duka aliye na ukurasa Facebook na Instagram, na jioni yuko jikoni, hana muda wa simu. Natumia Meta Business Suite kwa sababu ni bure na inashika kurasa zote mbili. Mfano ni duka langu la vitenge hapa Mwanza.

Kwanza, akaunti ya Instagram iwe ya biashara na iunganishwe na ukurasa wa Facebook.

Pili, fungua business.facebook.com, bonyeza Create post, uchague kurasa zote mbili chini ya Post to. Weka picha na maelezo. Usinakili maelezo yaleyale kila mahali: linki ya WhatsApp inabonyezeka Facebook, lakini kwenye maelezo ya Instagram inabaki maandishi tu. Kule waelekeze kwenye linki ya wasifu wako.

Tatu, saa. Mara ya kwanza nilitaka posti itoke saa moja jioni, nikaweka 1:00 PM. Ikatoka saa saba mchana, wateja wangu wako kazini! Saa moja jioni ni 7:00 PM. Ukishabonyeza Schedule, ingia Planner uitazame kwenye kalenda. Kosa la saa huonekana hapo upesi.

Nne, kusoma matokeo. Ipe posti siku tatu, kisha fungua Insights. Reach ni idadi ya akaunti zilizoiona, kila moja ikihesabiwa mara moja. Picha yangu ya rundo la vitenge iliwafikia 1,200, wakalaiki, kukomenti na kushea mara 36. Picha ya gauni lililokwisha shonwa iliwafikia 400, ikapata 28. Gawanya: ya kwanza asilimia 3, ya pili asilimia 7. Nikataka kusherehekea gauni, ila rundo lilitoka Jumatatu mchana na gauni Ijumaa jioni. Je, ni picha au ni saa? Wiki iliyofuata nikaziweka picha mpya za aina zote mbili saa moja jioni, siku za kazi. Gauni likaongoza tena, na hapo ndipo nilipoamini.

Maswali ya wanachama

*Dada, bando likiisha kabla ya saa niliyopanga, posti itatoka?*
Itatoka. Ukishapanga, posti iko kwa Meta, siyo kwenye simu yako.

*Yangu ilitoka Facebook, Instagram kimya. Kwa nini?*
Ulibadilisha nywila karibuni? Mara nyingi muunganisho huwa umekatika. Ingia Settings, uunganishe Instagram upya, kisha uipange tena posti hiyo.

*Reach yangu kubwa lakini hakuna anayenunua.*
Ndugu yangu, Reach haijui mauzo. Mimi kila anayenitumia meseji namuuliza ameona picha gani, naandika daftarini. Wiki iliyopita sita kati ya tisa walitaja gauni.