SOMO: Kuuza seti ya sola kwa malipo ya kidogo kidogo bila kupoteza mtaji

Somo hili ni kwa mwenye duka dogo anayenunua seti za sola kwa fedha yake na kuzikopesha mwenyewe. Wakala wa kampuni kubwa mtaji wake hauko hatarini kwa namna hiyo. Mfano tutakaoufuata mpaka mwisho ni seti ya taa 3, paneli ndogo ya kuweka juu ya bati, betri na waya za kuchajia simu. Tuseme umeinunua shilingi 105,000, bei ya taslimu dukani ni 150,000, na bei ya mkopo ni 180,000. Bei za kwenu zitatofautiana, lakini hesabu inakwenda vilevile.

Hatua ya 1: Panga kianzio kabla ya kumfikiria mteja

Wengi huanza na swali la rejesho la wiki. Anza na kianzio, kwa sababu ndicho kinachoulinda mtaji. Hapa tunachukua robo ya bei ya mkopo, yaani 45,000. Zinabaki 135,000. Mteja akilipa 4,500 kwa wiki, atamaliza kwa wiki 30.

Sasa angalia mtaji wako. Ulitoa 105,000 na siku ya kwanza umerudishiwa 45,000, kwa hiyo 60,000 bado ziko nje. Kwa 4,500 kila wiki, zitarudi wiki ya 14. Kabla ya hapo hujapata faida, hata kama daftari linaonyesha fedha zinaingia. Mteja akipotea baada ya wiki ya 8, utakuwa umepokea 81,000 na hasara ni 24,000. Ungempa bila kianzio, wiki hiyo hiyo ungekuwa na 36,000 tu mkononi, na hasara ni 69,000. Faida ya mteja mmoja anayemaliza ni 75,000, kwa hiyo hasara ya namna hiyo inaimeza karibu yote.

Ndiyo maana mteja akikuomba umpunguzie, ni afadhali umwongezee wiki kuliko kumpunguzia kianzio.

Hatua ya 2: Jua fedha yake inaingia lini

Usiulize "unapata kiasi gani kwa mwezi?" Watu wengi hawapati kwa mwezi, na atakayekujibu atakutajia mauzo badala ya faida. Uliza shughuli yenyewe, kitu kimoja kimoja.

Tuchukue mama anayeuza chai na maandazi stendi ya Bariadi. Anasema anauza 25,000 kwa siku. Mwulize ngano inachukua ngapi, mafuta, sukari, mkaa. Mkitoa vyote zinabaki 6,000. Anafanya kazi siku 6, kwa hiyo ni 36,000 kwa wiki. Matumizi ya nyumbani ni 22,000, na humo ndani zimo 4,000 za kuchajisha simu na kununua betri za tochi. Kikoba ni 5,000. Kinachobaki ni 9,000.

Kanuni yetu: rejesho lisizidi nusu ya kinachobaki. Nusu ya 9,000 ni 4,500, na ndiyo maana mpango wake ni wiki 30. Angetaka kumaliza kwa wiki 20, rejesho lingekuwa 6,750, na wiki moja ya mtoto kuugua ingemtoa kwenye mstari. Zile 4,000 atakazookoa kwenye betri na chaji usizitie kwenye hesabu. Ziache ziwe kinga ya wiki mbaya.

Mkulima wa pamba ni habari nyingine. Ununuzi wa pamba hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei, na miezi ya Januari mpaka Machi ndiyo ya kupalilia na kununua chakula. Ukimwekea rejesho sawasawa kila wiki, umempangia kushindwa. Akija Machi na ana kipato kidogo cha pembeni, kama maziwa au kuku, mpange hivi: kianzio 45,000, kisha 3,000 kwa wiki 25, ambazo ni 75,000, na 60,000 kwa mara moja mwezi Julai. Hilo fungu la mavuno lisizidi theluthi ya bei, maana bei ya pamba hamuipangi ninyi wawili. Asiye na kipato cha pembeni kabisa, mwambie kwa heshima arudi baada ya kuuza.

Hatua ya 3: Fika nyumbani

Ziara moja inakupa zaidi ya fomu ya kurasa tatu. Unataka kujua mambo haya tu: anaishi hapo kweli, paneli itakaa wapi, na mwenzi wake anajua. Hili la mwisho hupuuzwa sana. Mume akinunua bila mke kujua, au mke bila mume, rejesho la kwanza linapogongana na ada ya shule ndipo ugomvi unapoanza, na taa ndiyo inayorudishwa.

Mdhamini awe jirani au ndugu anayemwona mteja kila wiki na ambaye mteja angeona haya kumwangusha. Muhuri wa mtendaji wa kijiji unasaidia kuthibitisha makazi, lakini mtendaji anagonga muhuri kwa kila mtu. Hatalipa deni la mtu.

Dalili za kusimama kwanza: mteja hana swali lolote kuhusu bei wala muda, anataka seti mbili kwa mpigo, anachukua kwa niaba ya mtu ambaye hutaonana naye, au tayari ana kifaa kingine cha mkopo. Moja tu si sababu ya kumkatalia, ni sababu ya kuuliza zaidi.

Hatua ya 4: Eleza masharti mpaka yeye akueleze

Taja bei zote mbili waziwazi: "Taslimu ni 150,000. Kwa mkopo ni 180,000. Unaongeza 30,000 kwa sababu unalipa kwa wiki 30." Usiseme asilimia. Asilimia inaficha, na anayegundua ile 30,000 baadaye kwa jirani atajiona ameibiwa.

Kisha mpe namba tatu za kukumbuka: leo 45,000, kila Jumamosi 4,500, mara 30. Chagua siku inayofuata fedha yake, mathalani siku ya gulio. Mpe kadi yenye vyumba 30, na kila akilipa unatia sahihi chumba kimoja, hata kama amelipa kwa simu. Asiyesoma anahesabu vyumba vilivyobaki bila kumwuliza mtu.

Halafu mwombe akueleze yeye: "Mama, ukifika nyumbani baba akikuuliza tumekubaliana nini, utamwambiaje?" Hapo ndipo utasikia kwamba amedhani kianzio ni nje ya bei, au kwamba akichelewa wiki moja taa inachukuliwa. Rekebisha palepale, kabla ya sahihi.

Masharti yasiyokosekana: seti ni mali ya duka mpaka chumba cha mwisho kitiwe sahihi, dhamana ni ya muda gani na haihusu nini, na itakuwaje akishindwa. Hili la kushindwa liandikwe kwa mfano. Akirudisha seti nzima baada ya wiki 20, amekwisha lipa 135,000 na deni ni 45,000. Duka likiiuza kwa 80,000, linachukua 45,000 na kumrudishia 35,000. Mteja anayejua hivyo atarudisha seti mwenyewe. Anayedhani atapoteza vyote ataificha.

Hatua ya 5: Funga vizuri

Malipo mengi hukatika kwa sababu taa imefifia, si kwa sababu mteja ni mjanja. Mtu hawezi kulipia giza. Paneli ikae mahali pasipopata kivuli cha mti wala cha ukingo wa paa kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 9 alasiri, iinamishwe kidogo ili mvua iioshe, na mwenye nyumba aoneshwe kuifuta vumbi wakati wa kiangazi. Achaji siku nzima kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Na seti zilizoko stoo zichajiwe kila baada ya miezi 3, kwani betri iliyokaa tupu muda mrefu hufa ikiwa bado ndani ya boksi, na wewe ndiye utakayelaumiwa.

Hatua ya 6: Akichelewa

Siku ya 2 mpigie simu, na swali la kwanza liwe "taa inawaka vizuri?" Wiki ya 2 fika nyumbani. Unaweza kumpa mapumziko ya wiki 2, mara moja tu katika mkataba, na wiki hizo zihamie mwisho wa kadi. Wiki ya 4 kaeni na mdhamini muamue: mpango mpya au seti irudi. Faini sipendekezi. Aliyekosa 4,500 hawezi kupata 5,500, na deni likivimba anaanza kukukwepa njiani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Maswa: *Mwalimu, nina mtaji wa seti 10. Nizitoe zote mara moja?*

Hapana, ndugu. Vianzio vyote 10 ni 450,000, vitanunua seti 4 tu. Baada ya hapo seti 10 zitakuletea 45,000 kwa wiki kama wote wanalipa, na seti mpya ni 105,000. Kila seti nyingine utaingoja zaidi ya wiki mbili. Toa 5 kwanza, weka 2 za kuuza taslimu, na zilizobaki zifunguliwe baada ya kuona kadi za wale 5 kwa wiki 6.

Mwanachama, Kahama: *Zile taa zinazojifunga mpaka uingize namba, si zinamaliza tatizo la wadaiwa?*

Zinapunguza, dada. M-KOPA ya Kenya ilijengwa juu ya njia hiyo. Lakini kufunga taa hakumpi mkulima fedha mwezi wa Februari. Akizoea giza wiki tatu anarudi kwenye tochi, na seti inakaa ukutani bila faida kwako wala kwake. Tathmini ya hatua ya 2 bado inahitajika.

Mwanachama, Magu: *Mteja wangu mzuri ameomba nimkopeshe na fedha taslimu, arejeshe pamoja na ya taa. Vipi?*

Usichanganye. Biashara ya kukopesha fedha ina leseni yake chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Pia, fedha haina paneli unayoweza kuirudisha dukani.

Mwanachama, Bunda: *Nakala za vitambulisho vya NIDA nimezibandika kwenye daftari la kaunta. Kuna ubaya?*

Upo. Zitoe leo, zifungie kabatini, na kwenye daftari acha jina, kitongoji na namba ya kadi tu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za mteja si za kuachwa wazi. Wala orodha ya wadaiwa usiibandike ukutani, hata kama majirani zako wa sokoni wanafanya hivyo.

Mwanachama, Bariadi: *Mteja amefika chumba cha 26, anataka kumaliza zote leo. Nimpunguzie?*

Amebakiza vyumba 4, ambavyo ni 18,000. Msamehe chumba kimoja, alipe 13,500, na umwandikie hati kwamba seti sasa ni mali yake. Fanya hivyo mbele ya mdhamini.