Kabla hujashika fomu ya kutodaiwa: mambo ya kuweka sawa unapokaribia kustaafu

Nimefanya kazi ya utumishi hapa Tanga miaka mingi, sehemu kubwa nikiwa masijala, ambako mafaili ya wanaostaafu hupita yakienda na kurudi. Mwenye deni kubwa hakuwa ndiye anayechelewa zaidi. Aliyechelewa ni yule ambaye leja ya bohari ilikuwa inamjua kwa namna ambayo yeye mwenyewe hajijui.

Fomu ya kutodaiwa ni karatasi ambayo kila idara husaini kuthibitisha kwamba mstaafu hana deni kwake. Kwanza tuelewane fedha zipi zinangoja hiyo fomu. Mstaafu ana mafungu mawili. Fungu la kwanza liko kwa mwajiri: mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua, nauli na gharama za mizigo kwa aliyeajiriwa mbali. Fungu la pili liko kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, PSSSF kwa watumishi wa umma na NSSF kwa wengi wa sekta binafsi. Watu hudhani fomu ya kutodaiwa inagusa fungu la kwanza tu, kwa sababu mfuko haujali kama umerudisha ngazi ya ofisi. Ni kweli haujali. Lakini mfuko unataka mwajiri athibitishe tarehe yako ya kuacha kazi na mshahara wako, na anayethibitisha ni afisa yuleyule ambaye kwa utaratibu wa ofisi nyingi hasaini kitu mpaka fomu yako iwe na mihuri yote. Hapo ndipo ngazi ya alumini inapozuia pensheni, ingawa hakuna palipoandikwa kwamba inaizuia.

Nieleze kilichompata jirani yangu wa Makorora, fundi umeme wa taasisi moja ambayo siitaji. Alikuwa anatimiza miaka 60 na kustaafu tarehe 30 Juni. Barua ya kumkumbusha aliipata Desemba, miezi sita kabla. Akaifurahia, akaiweka kwenye droo. Fomu alikwenda kuichukua tarehe 24 Juni, akiwa amepanda baiskeli yake, akiamini ni kazi ya asubuhi moja.

Fomu yenyewe ni karatasi moja yenye visanduku tisa: mkuu wa idara, bohari, TEHAMA, usafirishaji, uhasibu, SACCOS, nyumba, masijala, na mwisho utumishi. Kila kisanduku kina nafasi ya jina, saini, tarehe na mhuri. Mkuu wa idara alisaini palepale, wakapiga na soga. Bohari ndiko kazi ilikoanza. Mtunza bohari, binti wa umri wa mwanawe wa mwisho, alimwamkia kwa adabu kisha akafungua leja: "Babu, unavyo vitu vitatu. Ngazi, jenereta ndogo, na kompyuta mpakato."

Ngazi ilikuwa stoo, ikatolewa, namba iliyopakwa rangi ikasomwa, ikafutwa kwenye leja. Dakika kumi.

Jenereta lilikuwa na kisa. Mwaka 2019 kituo cha Muheza kilikosa umeme wakati wa kazi ya haraka, akalipakia kwenye gari la ofisi likaenda, na kule likabaki likitumika. Kwa akili ya kazi hakuna kosa, mali ya ofisi imehama kutoka ofisi hii kwenda tawi la ofisi ileile. Kwa leja, mzee ndiye aliyesaini kulipokea mwaka 2015, na hakuna karatasi nyingine iliyofuata. Leja haijui habari za Muheza. Ikabidi aende mwenyewe na mtu wa bohari, wasome namba kwenye fremu, kisha mkuu wa kituo asaini hati ya makabidhiano. Mkuu wa kituo aliyelipokea alikuwa ameshahamia Handeni, na aliyepo hakutaka kusaini kitu ambacho hakukikuta kwenye makabidhiano yake. Wiki tatu zikapita kwa barua za kwenda na kurudi, hadi mkuu wa idara alipoandika kwamba jenereta limeonekana, limekaguliwa, na lihamishiwe kwenye leja ya Muheza. Wakati huo mshahara wa Julai haupo tena.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuzingatia, na mimi ningelifanya mwaka mzima kabla, ni kwenda bohari kuomba nakala ya ukurasa wenye jina lako. Usitegemee kumbukumbu yako. Kinachokudai ni saini zako. Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini amesainia mengi: mitungi ya gesi, viti, vipima umeme, simu ya mezani, funguo. Ukishaipata nakala, gawa vitu kwa mafungu: vilivyopo kwako, vilivyo kwa mwenzako, na visivyojulikana viliko. Vilivyopo virudishe mapema na udai hati ya kupokelewa, yenye namba ya kitu na siyo "vifaa mbalimbali". Vilivyo kwa mwenzako vihamishiwe jina lake akiwa bado yupo kituoni. Kumwambia "hiki sasa ni chako" mkiwa wawili tu ofisini hakuhamishi kitu. Kama umewahi kuhamishwa kituo, rudi hadi kule, kwa sababu mara nyingi leja ya zamani bado imekushika.

Sasa kompyuta. Hii iliibwa mwaka 2019, ndani ya basi. Mzee alitoa taarifa kwa bosi wake kwa mdomo, wakasikitika pamoja, basi. Bei yake ya kununuliwa mwaka 2014 ilikuwa 1,600,000, na uhasibu ukataka alipe hiyohiyo. Alikuja kwangu akiwa amekata tamaa, nikamwambia asilipe kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kirahisi hivyo. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mwajiri aandike sababu, kiasi na jinsi alivyokipata, mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga, na deni lisizidi hasara halisi iliyopatikana. Makato yenyewe yasizidi robo ya ujira.

Akaandika barua ya ukurasa mmoja: kifaa kilikuwa na miaka mitano kilipoibwa, naomba hesabu ya thamani yake ya wakati huo. Kamati ndogo ikakaa, ikafika 320,000. Mshahara wake ulikuwa 1,300,000, robo yake ni 325,000. Maana yake suala hili lingeibuka Desemba alipopata barua, makato ya mwezi mmoja yangelimaliza. Lilipoibuka Julai hakukuwa na mshahara wa kukata, akatakiwa atoe fedha taslimu, mtu ambaye hana kipato. Alikopa kwa shemeji yake. Na kama angekuwa na taarifa ya polisi ya mwaka ule, angeweza hata kubishana juu ya kosa ni la nani. Kitu kikipotea, andika siku hiyohiyo, polisi na ofisini, na nakala zikae nyumbani.

Upande wa mikopo unafanana, ila wengi hapa hujidanganya kwa namna nyingine. Husema "mkopo wangu unakatwa kwenye mshahara, utajimaliza". Utajimaliza kama miezi inatosha. Mzee huyu alichukua karadha, yaani advansi ya mshahara, ya 1,200,000 mwezi Februari, ikatwe 100,000 kwa miezi kumi na miwili kuanzia Machi. Hadi Juni zilikuwa zimekatwa 400,000. Zikabaki 800,000, na fomu aliyoisaini ilisema salio lichukuliwe kwenye malipo yake ya mwisho. Malipo yake ya likizo yalikuwa 1,100,000. Akaondoka na 300,000, fedha aliyokuwa ameipangia kuezeka. Hakuibiwa, alisaini. Lakini hesabu ya vidole ingemwonyesha Februari ileile kwamba Machi mpaka Juni ni miezi minne.

Jambo jingine la uhasibu ni masurufu. Ukipewa fedha za safari ya kikazi na hukurejesha risiti, jina lako linabaki kwenye daftari la wadaiwa hata kama fedha yote ilitumika vizuri. Uliza jina lako humo mapema. Kutafuta risiti ya nyumba ya wageni ya miaka mitatu nyuma ni kazi isiyo na mwisho.

SACCOS ndiyo ilimchelewesha hadi Septemba. Akiba yake ilikuwa 3,400,000 na mkopo wake umebaki 900,000. Alitegemea wafute mkopo kwa akiba na wampe 2,500,000. Mkopo walifuta. Zilizobaki hawakumpa zote, kwa sababu alikuwa mdhamini wa wenzake wawili. Wa kwanza alipata mdhamini mwingine ndani ya siku nne. Wa pili alikuwa ameacha kazi, mkopo wake umesimama na salio la 1,100,000, na kiasi hicho cha akiba ya mzee kikazuiwa mpaka deni lipate mtu wa kulibeba. Hakuwa hata anakumbuka alimdhamini lini. Ilikuwa chai ya saa nne, karatasi ikapita, akasaini.

Ndiyo maana ukienda SACCOS usiulize tu "nadaiwa kiasi gani". Omba taarifa ya mkopo, ulinganishe na makato kwenye hati zako za mshahara mwezi kwa mwezi, maana yapo makato yanayotoka kwako na kuchelewa kufika kwa mkopeshaji, na kwenye vitabu vyake bado unadaiwa. Kisha uliza "nimemdhamini nani, na salio lake ni lipi". Wadhamini wabadilishwe ukiwa bado kazini, kwa sababu ukishaondoka hakuna anayekutafuta ili akusaidie kutoka. Mkopo wa benki nao uombee barua ya kutodaiwa mara tu ukimalizika. Benki haikupelekei nyumbani.

Mpangilio wa kupita kwenye visanduku pia una maana. Anza na bohari na SACCOS, kwa kuwa majibu yao huzaa safari nyingine. Masijala na mkuu wa idara waache mwisho, wao hawana la kuchimba. Kila muhuri ukipigwa, piga picha karatasi nzima. Fomu ya mzee ilipotea mezani kwa mtu mmoja ikiwa na visanduku saba, na picha aliyoipiga mjukuu wake kwa simu ndiyo iliyofanya wote saba wasaini upya kwa siku mbili badala ya kuanza kumchunguza tena.

Kisanduku cha tisa kilisainiwa tarehe 19 Septemba. Siku hiyohiyo utumishi ulijaza sehemu ya mwajiri kwenye madai yake ya pensheni, kazi ambayo, nilimuuliza afisa, ilimchukua robo saa.