Dira na dhamira kwa sentensi mbili

Chukua dira na dhamira ya taasisi yako na kalamu nyekundu, kisha ukate kila neno ambalo mshindani wako naye angeweza kulibandika ukutani kwake. Tuseme SACCOS ya sokoni imeandika: "Dira: kuwa SACCOS bora na ya kuaminika inayotoa huduma bora za kifedha. Dhamira: kutoa huduma bora, endelevu na za kuaminika za kifedha ili kuinua maisha ya wanachama." Ukikata, karibu hakibaki kitu: hata "wanachama" na "kifedha" ni maneno ya kila SACCOS. Hapo ndipo unapoona kuwa dira na dhamira zilikuwa kitu kimoja kilichoandikwa mara mbili.

Sasa jaza upya. Sentensi ya kwanza, yaani dhamira, iseme leo mnamfanyia nani nini. Ya pili, dira, iseme mnataka mambo yake yaweje baadaye:

"Tunatunza akiba za wafanyabiashara wa soko hili na kuwakopesha hadi mara tatu ya akiba zao. Tunataka mwanachama wetu asikope tena kausha damu."

Hiyo "mara tatu" iwe ndiyo iliyomo kwenye sera yenu ya mikopo. La sivyo, karani wa dirishani ndiye atakayegombezwa na mteja.

Kabla bodi haijapitisha, mwombe karani huyo amweleze mteja sentensi hizo mbili bila karatasi. Akibadilisha neno, andika lake. Mteja akiuliza "maana yake nini?", sentensi hiyo irudi mezani.