Somo: Tangi la mstatili linajazwa na mapipa mangapi, na kwa nini hesabu za wengi zinazidi

Wakuu, habari za leo. Kila maji ya bomba yakianza kusuasua Dar, swali ni lile lile: "Nimejenga tangi la chini, niagize mapipa mangapi?" Nimekuwa nikijibu kwa vipande kila mtu anapouliza. Leo naweka lote hapa, atakayeuliza tena namleta huku.

Tutumie tangi moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Ni la chini ya ardhi, lipo Goba, limejengwa kwa tofali za inchi sita na kupigwa plasta. Maji yanaletwa na kirikuu inayobeba mapipa matatu kwa safari. Fundi alimwambia mwenye nyumba kwamba tangi lina urefu wa mita 3, upana wa mita 2.35 na kina cha mita 1.8.

Hatua ya 1. Pima ndani, na kina kiishie kwenye ovaflo.

Hapa ndipo pesa zinapopotea, kwa hiyo soma taratibu. Vipimo vya fundi ni vya nje ya kuta, na maji hayakai ndani ya tofali. Tofali la inchi sita ni sentimita 15. Plasta yake, pamoja na ile tabaka ya kuzuia maji, weka sentimita 2.5. Ukuta mmoja unakula sentimita 17.5, na kila upande una kuta mbili zinazotazamana, kwa hiyo unapoteza sentimita 35. Urefu wa mita 3 unabaki 2.65, upana wa 2.35 unabaki 2.00.

Kina nacho kina mtego wake. Huyu bwana alipima kutoka sakafuni mpaka chini ya zege la juu, akapata 1.80. Lakini bomba la ovaflo limetoboa ukuta sentimita 20 chini ya zege. Maji yakifika hapo yanatoka nje, hayapandi tena. Kina cha kuhesabu ni 1.60. Kama tangi lako lina floti, pima mpaka pale floti inapofunga, maana mara nyingi ni chini zaidi ya ovaflo.

Onyo la kwanza: usichukue vipimo vya kwenye ramani. Shimo likichimbwa finyu kidogo, fundi hujenga kulingana na shimo. Onyo la pili, na hili ni la uhai: usiingie kwenye tangi lililofunikwa muda mrefu ili kupima, hasa ukiwa peke yako. Hewa ya mle inaweza kuwa mbovu na mtu akaanguka bila kupiga kelele. Kina kipime kutoka juu kwa ufito mrefu ulionyooka. Urefu na upana vichukue kabla zege la juu halijamwagwa. Kama limeshamwagwa, toa unene wa kuta kwenye vipimo vya nje kama nilivyofanya hapo juu.

Hatua ya 2. Zidisha, vyote vikiwa mita.

2.65 × 2.00 × 1.60 = mita za ujazo 8.48.

Hatua ya 3. Geuza kuwa lita.

Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Kama unataka kuona kwa nini, chukua boksi lenye sentimita 10 kila upande. Hilo linaingia lita moja kamili. Kwenye mita moja unapanga maboksi 10 kwa urefu, 10 kwa upana na 10 kwenda juu, jumla 1,000. Kwa hiyo tangi letu ni lita 8,480.

Aliyepima kwa sentimita azidishe hivyo hivyo, 265 × 200 × 160, kisha agawanye kwa 1,000. Atapata 8,480 ile ile. Usichanganye mita na sentimita kwenye mstari mmoja.

Hatua ya 4. Gawanya kwa pipa, ila lijue pipa lenyewe kwanza.

Pipa la lita 200: 8,480 ÷ 200 = 42.4. Agiza 43. Kwa kirikuu ya mapipa matatu hizo ni safari 15, na ya mwisho inakuja na pipa moja tu.

Sasa pipa. Pipa la kawaida la chuma lina upana wa ndani wa kama sentimita 57 na kina cha kama 85. Likijaa mpaka mdomoni linakaribia lita 217. Lita 200 kamili zinafika karibu sentimita saba chini ya mdomo. Dereva hawezi kujaza mpaka juu, barabara zetu zitamwaga, na hilo halina ubaya. Ubaya unaanza pale pengo linapokuwa kubwa. Kila sentimita ya pipa ni kama lita 2.5. Pipa likija na pengo la sentimita 15, ndani kuna lita 179 tu, na tangi hili litahitaji mapipa 48 badala ya 43. Matano hayo unayalipia wewe. Shika rula, pima pengo kabla pipa halijamiminwa.

Linganisha na hesabu ya vipimo vya fundi: 3 × 2.35 × 1.8 ni 12.69, yaani lita 12,690, yaani mapipa 64. Tofauti ni mapipa 21.

Maswali karibuni.

---

Mdau wa Kivule: Mkuu, tangi langu ni kubwa la wastani hivi, mapipa mangapi?

Mleta somo: Hukuleta kipimo hata kimoja. Rudi Hatua ya 1.

Mama Tabata: Asante sana kaka. Langu lina vipimo karibu sawa na hilo, ila halijakauka, bado lina maji kidogo chini. Nifanyeje hesabu?

Mleta somo: Swali zuri, dada. Tumbukiza ufito mkavu mpaka sakafuni, uchomoe, upime pale ulipolowa. Tuseme ni sentimita 40. Kina kilichobaki mpaka ovaflo ni 1.60 kutoa 0.40, yaani 1.20. Zidisha 2.65 × 2.00 × 1.20 upate 6.36, yaani lita 6,360. Gawanya kwa 200 unapata 31.8, agiza mapipa 32. Pima sehemu mbili tatu, kwa sababu sakafu nyingi zina mteremko kuelekea kwenye kishimo cha pampu. Ukipima juu ya kishimo utadhani una maji mengi kuliko uliyonayo.

Fundi Chanika: Mimi mwaka wa ngapi napima nje na wateja hawajawahi kulalamika. Mnakuza mambo.

Mleta somo: Fundi, kupima nje kwa ajili ya kuhesabu tofali ni sahihi, sipingi. Ila ukimpa mteja namba hiyo kama ujazo wa maji, akalipia mapipa 64 kwenye tangi la 43, yale 21 atayaweka wapi? Weka hesabu yako hapa tuione.

Mzazi Gongo la Mboto: Mwanangu yupo darasa la saba. Swali kama hili kwenye mtihani ajibu 42.4 au 43?

Mleta somo: Asome swali linauliza nini, mzee. Likiuliza "tangi ni sawa na mapipa mangapi", jibu ni 42.4. Likiuliza "mapipa mangapi yanahitajika kulijaza", ni 43, hata kama desimali ingekuwa 42.1, maana sehemu ya pipa nayo lazima ibebwe. Mwonyeshe na baki: mapipa 42 ni lita 8,400, zinabaki 80, ambazo ni madumu manne ya lita 20. Ukiwa na mtu wa madumu jirani, huna hata haja ya kulipia pipa la 43.

Kijana wa Kigamboni: Fundi wangu kaniandikia kwa futi: 8 kwa 6 kwa 5, anasema ni za ndani. Nigeuze kila moja kuwa mita?

Mleta somo: Unaweza, ila kuna njia fupi. Zidisha futi zako: 8 × 6 × 5 = futi za ujazo 240. Futi moja ya ujazo ni lita 28.3, kwa hiyo una kama lita 6,790. Hayo ni mapipa 34, kama ile 5 ni kina cha mpaka ovaflo. Mwulize hilo kabla hujaagiza.

Msomaji Mbezi: Simtank nyeusi ya mviringo je?

Mleta somo: Kichwa cha somo kinasema mstatili. Simtank lita zake zimeandikwa ubavuni.

Dada wa Kimara: Mimi nanunua kwa boza, siyo mapipa. Nitajuaje kama lita 5,000 ni 5,000 kweli?

Mleta somo: Hapa ndipo tangi la mstatili linapokuwa na faida, dada yangu. Zidisha urefu na upana wa ndani peke yake: 2.65 × 2.00 = 5.3. Hiyo maana yake kila sentimita moja ya maji kwenye tangi hili ni lita 53. Pima kwa ufito kabla boza halijamimina, pima tena maji yakitulia, pampu ikiwa imezimwa na koki ya bomba imefungwa. Lita 5,000 zinapandisha maji sentimita 94. Yakipanda 85 tu, umepokea kama lita 4,500. Weka alama kwenye ufito mbele ya dereva. Na boza la lita 10,000 usiliagize kwa tangi la 8,480, utalipia maji ya kumwagilia barabara.

Mama Tabata: Na bili ya DAWASA ile "uniti" ni lita ngapi?

Mleta somo: Uniti moja ni mita moja ya ujazo, lita 1,000, mapipa matano. Kwenye mita, tarakimu nyeusi ndizo mita za ujazo kamili, nyekundu ni sehemu zake. Siku bomba likitoka, jaza tangi tupu kwa mita, usifungulie maji pengine. Ikisoma uniti 8 na nusu hivi, vipimo vyako viko sawa.

Mdau wa Kivule: Samahani mkuu, nimepima sasa. Ndani 2 kwa 1.5, mpaka ovaflo 1.4. Nimepata lita 4,200, mapipa 21. Yalikuwa yanakuja ya chuma, yaliyobeba oili zamani, nayakubali?

Mleta somo: Umepatia, 21 kamili. Ila mapipa hayo usiyapokee kwa maji ya kupikia. Oili haitoki kwa kusuuza. Yaliyobeba dawa za mashamba ndiyo kabisa, hata ya kufulia hapana. Tafuta ya plastiki yaliyobeba vyakula, na uyanuse kabla hayajamiminwa.

Kijana wa Kigamboni: La mwisho. Nilijaza juzi, jana maji yameshuka sentimita 2 na hatujachota. Ni kawaida?

Mleta somo: Kwa vipimo vyako, 8 kwa 6 futi, sentimita moja ni kama lita 45, kwa hiyo zimeondoka 90, karibu nusu pipa. Tangi limefunikwa, jua halijazichukua. Kama plasta ni mpya, hunywa maji siku za mwanzo. Weka alama, pima kesho na keshokutwa saa ile ile. Ikipungua kila siku kidogo zaidi mpaka isimame, ni plasta. Ikishuka kwa kasi ile ile, tangi linavuja. Acha lishuke lenyewe uone linasimama kimo gani, kwani tundu mara nyingi lipo usawa huo. Lisiposimama kabisa, kagua kona za sakafu na ukuta, na pale bomba la chini linapopita ukutani.