Kuhama AutoCAD kwenda BIM katika ofisi ndogo: anza kwa kuhesabu marekebisho

Ofisi yenye wasanifu wawili na mchoraji mmoja ikiniuliza kama inunue Revit, programu ya BIM, au ibaki na AutoCAD, nami huuliza: katika kazi zenu za mwaka jana, mteja alibadili mawazo mara ngapi baada ya ramani kwenda kwa mhandisi? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua.

Katika ramani za mistari, yaani zile za AutoCAD, mlango mmoja unachorwa mara nne. Uko kwenye pleni, kwenye elevesheni, kwenye mkato, na namba yake iko kwenye jedwali la milango. Kompyuta haijui kwamba hiyo minne ni mlango uleule, kwa hiyo ukiusogeza kwenye pleni, sehemu nyingine tatu zinabaki na uongo mpaka mtu akumbuke kuzirekebisha. Kwenye BIM, ambako jengo zima ni modeli moja ya kompyuta, unaujenga mlango mara moja ndani ya modeli hiyo, na pleni, mkato na jedwali vyote vinasomwa kutoka hapo. Faida yake haionekani siku ya kuchora, maana mwanzoni modeli hula muda mwingi kuliko mistari. Inaonekana siku ya kubadilisha.

Hatua ya 1: Pima saa za marekebisho

Chukua kazi tatu zilizokamilika: ndogo, ya kati na kubwa. Fungua folda zake. Kama ofisi yako inafanana na nyingi ninazozijua, utakuta mafaili yenye majina kama "final", "final 2" na "final ya mwisho". Yapange kwa tarehe, linganisha na PDF ulizotuma na ujumbe wa WhatsApp wa mteja, kisha kwa kila mzunguko wa marekebisho andika saa zilizotumika.

Usihesabu mabadiliko ya rangi wala vigae. Hesabu yale tu yanayogusa karatasi zaidi ya moja: ukuta kuhama, dirisha kuongezwa, kimo cha ghorofa kubadilika. Mengine utayafanya kwa muda uleule kwa programu yoyote.

Hatua ya 2: Fuatilia badiliko moja mpaka mwisho

Kabla ya kuamini tangazo la programu, chukua badiliko moja ulifuate kwa kalamu. Mfano ninaoupenda ni wa kimo cha ghorofa. Tuseme fleti za ghorofa nne zilichorwa kwa kimo cha milimita 3,000 kutoka sakafu hadi sakafu, kisha mteja akataka dari la jipsamu chini ya boriti, na kimo kikawa 3,300.

Anza na ngazi. Mwanzo ilikuwa na vipandio 18 vya takriban milimita 167, katika mikupuo miwili ya vipandio tisa, ikigeukia kwenye kituo cha katikati. Kwa kimo kipya unahitaji vipandio 20 vya milimita 165, yaani kumi kila mkupuo. Mkupuo wa vipandio tisa una sehemu nane za kukanyaga, kwa sababu cha tisa kinakufikisha kwenye kituo. Zikiwa na milimita 280 kila moja, urefu ni 2,240. Vipandio kumi vina sehemu tisa, yaani 2,520. Chumba cha ngazi kimerefuka milimita 280.

Sasa tazama msururu wake. Ukuta wa mwisho wa chumba cha ngazi unahama kwenye pleni za ghorofa zote. Tundu la slabu kwenye ramani ya mhandisi linabadilika. Mikato yote inachorwa upya, na kwenye elevesheni nne kila mstari wa madirisha unapanda. Kwa mistari, hizo ni karatasi zaidi ya kumi za kufungua mojamoja, na ndipo mkato unapobaki na vipandio 18 wakati pleni ina 20.

Kwenye modeli ya Revit unafungua elevesheni, unagusa mstari wa usawa wa kila ghorofa na kuandika kimo kipya. Kuta zilizofungwa kwenye usawa huo zinarefuka, madirisha yanapanda, na mikato inajirekebisha. Ngazi haijirekebishi yenyewe. Utapata onyo kwamba haifiki juu, na ni wewe utakayeongeza kipandio kila mkupuo na kusogeza ukuta. Ni vizuri iwe hivyo, kwa sababu kuamua chumba kipi kipoteze zile milimita 280 ni kazi ya msanifu.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya mwaka

Nitaweka tarakimu za mfano; wewe weka zako za hatua ya 1. Tuseme mzunguko mmoja wa marekebisho ya fleti hizo unachukua saa 24 kwa mistari na saa 8 kwa modeli. Umeokoa 16. Mteja akirudi mara tano, ni saa 80. Toa saa 20 za ziada ulizotumia kujenga modeli mwanzoni, inabaki 60 kwa kazi moja.

Upande wa gharama, tuseme mchoraji mmoja anatumia saa 160 kujifunza na kutengeneza kiolezo cha ofisi. Ongeza leseni. Tangu 2016 Autodesk, kampuni inayotengeneza Revit na AutoCAD, imeacha kuuza leseni za kudumu, kwa hiyo hiyo ni gharama ya kila mwaka. Gawanya bei yake kwa thamani ya saa moja ya ofisi yako. Tuseme inatoka saa 50. Mwaka wa kwanza unadaiwa saa 210, na zitarudi ukipata kazi nne za aina hiyo. Mwaka wa pili unadaiwa 50 tu, na kazi moja inazirudisha.

Sasa badilisha tarakimu moja: mteja arudi mara mbili badala ya tano. Unaokoa 32, unatoa 20, inabaki 12. Ili kulipa saa 210 unahitaji kazi kumi na nane kwa mwaka, na ofisi ya watu watatu haizipati. Ukubwa wa jengo haujabadilika hata kidogo. Ndiyo maana sikubali kauli kwamba BIM ni ya majengo makubwa tu, wala kwamba kila ofisi ihame. Nyumba ya chini yenye vyumba vitatu, ambayo mteja ameichagua kutoka ramani zako za zamani na kuipeleka kuombewa kibali, ibaki kwenye mistari.

Kuna jambo jingine la mfukoni. Kama unalipwa ada moja kwa kazi nzima, kila saa unayookoa ni yako. Kama unamtoza mteja kila marekebisho kwa saa, utakuwa umelipia leseni ili upunguze ankara yako mwenyewe, kwa hiyo panga upya bei zako kabla ya kununua.

Mfanyakazi akiwa mmoja, Revit LT ina bei nafuu na inatosha, ila hairuhusu watu wawili kufanya kazi ndani ya modeli moja kwa wakati mmoja. Wenye kompyuta za Mac watazame Archicad, kwa kuwa Revit ni ya Windows.

Hatua ya 4: Tengeneza kiolezo kabla ya kazi ya kwanza

Kiolezo kiwe na fremu ya karatasi yako, unene wa mistari kama ulivyouzoea, na aina chache tu za vitu: ukuta wa tofali la inchi sita, wa inchi tisa, slabu ya milimita 150, milango mitatu, madirisha manne. Usipakue maktaba za samani mtandaoni. Zinalifanya faili kuwa zito na hazimsaidii fundi.

Hatua ya 5: Kazi ya kwanza iwe ile usiyoikimbilia

Chagua jengo ambalo tayari umelichora kwa mistari, au ambalo mteja wake hana haraka. Kisha lijaribu kabla halijatoka ofisini: pandisha usawa wa ghorofa ya kwanza kwa milimita 300 na ukate mkato katikati ya jengo. Ukiona pengo kati ya kichwa cha ukuta na slabu, ugonjwa ni mmoja karibu kila mara. Gusa ukuta huo usome kisanduku cha `Top Constraint`. Kikiwa kimeandikwa `Unconnected`, ukuta una kimo chake binafsi na hautafuata chochote. Ufunge kwenye usawa wa ghorofa ya juu.

Hapo unakutana na kosa la pili, ambalo ndilo linaloumiza mfuko. Usawa wa ghorofa kwa kawaida umewekwa juu ya slabu, kwa hiyo ukuta uliofungwa hapo, kama haujakatwa na slabu, unapita ndani ya zege. Kwenye pleni huoni kitu. Lakini kama kuta za ghorofa moja zina urefu wa mita 60, slabu ya milimita 150 inakuongezea mita za mraba 9 za tofali ambazo hazipo. Kwa ghorofa nne ni mita za mraba 36, yaani zaidi ya tofali 300 zitakazoingia kwenye makadirio. Weka `Top Offset` ya -150, na pale ukuta unapokaa chini ya boriti, toa kina chote cha boriti.

Michoro ya vipande kama ukingo wa paa, kizingiti cha dirisha au maji ya bafuni, ichore kwa mistari ndani ya programu hiyohiyo. Kipimo changu ni hiki: kitu kitakachohesabiwa, au kitakachoonekana kwenye karatasi zaidi ya moja, kijenge kwenye modeli. Kinachoonekana mara moja, kichore.

Hatua ya 6: Kubaliana na mhandisi na mkadiriaji

Mhandisi wako pengine bado yuko kwenye AutoCAD. Mtolee DWG kutoka kwenye modeli, lakini mwambie mapema kwamba mabadiliko yake yarudi kama alama kwenye PDF. Akihariri ile DWG, hayo hayataingia kwenye modeli yenyewe, na utakuwa na majengo mawili yanayotofautiana. Akiwa anatumia Revit, ulizeni kwanza toleo la mwaka gani, kwa sababu faili likishahifadhiwa kwenye toleo jipya, toleo la zamani halilifungui na hakuna njia ya kulirudisha nyuma. Mnaweza kupeana IFC, faili linalosomwa na programu mbalimbali za BIM, ikishindikana, ila kuta alizozipokea hazitaharirika kwa urahisi kama zako.

Mkadiriaji majenzi mpe majedwali kama kitu cha kulinganisha, asiyachukue kama vipimo rasmi. Programu hutoa matundu yote ukutani kama yalivyo, wakati yeye anafuata kanuni za upimaji zinazosema lipi litolewe na lipi liachwe. Kwenye jengo la kwanza mwombe apime tofali za ghorofa moja kwa njia yake, mlinganishe na jedwali lako. Zikipishana sana, rudi kwenye vichwa vya kuta kabla ya kutafuta kosa kwingine.