Saa janja inawaka hovyo, ukiinua mkono inagoma: rekebisha hivi

Wengi wanaoniletea saa yenye tatizo hili huwa wameshaamua kwamba sensa imekufa. Hilo lipime kwanza, ni rahisi: tembea kidogo uone kama hesabu ya hatua inapanda. Sensa inayohesabu hatua ndiyo hiyo hiyo inayotambua mkono ukiinuliwa. Kama hatua zinapanda, sensa ni nzima, na kazi yako iko kwenye mipangilio.

Saa haijui macho yako yako wapi. Inachojua ni upande gani wa saa unavutwa na ardhi. Vaa saa mkono wa kushoto, uache mkono uning'inie: upande wa namba 3 ndio unaotazama chini, kwa sababu ndio ulioelekea vidoleni. Ukiinua mkono usome saa, mvuto unahama kutoka upande huo na kuangukia mgongo wa saa, kioo kikitazama juu na kulalia kidogo upande wako. Saa ikiuona mhamo huo, kisha mkono ukatulia, inawasha kioo.

Sasa ihamishie mkono wa kulia. Mkono ukining'inia, upande unaotazama chini ni wa namba 9. Mhamo umegeuka, na kama mipangilio bado inasema kushoto, saa inasubiri kitu ambacho hukifanyi.

Hatua ya 1: iambie saa iko mkono gani. Kwa bangili za Mi Band zinazotumia programu ya Zepp Life, fungua ukurasa wa kifaa chako utafute `Band location`. Kwenye Apple Watch nenda `Settings`, `General`, kisha `Orientation`. Hapo utakuta maswali mawili: mkono gani, na kitufe cha kuzungusha kiko upande gani. Jibu yote mawili kulingana na ulivyovaa, maana ukigeuza saa kitufe kiende upande wa pili, kushoto na kulia kwa sensa navyo vinageuka.

Hatua ya 2: jaribu kabla ya kugusa kingine. Simama, ning'iniza mkono, tulia sekunde mbili, inua hadi kifuani kisha uutulize. Rudia mara kumi. Usitikise saa kuilazimisha iwake, kwa sababu kutulia mwishoni ni sehemu ya ishara yenyewe. Ikiitikia karibu kila mara, usiongeze wepesi.

Hatua ya 3: ndipo urekebishe wepesi wa kuitikia. Kwenye Zepp Life ingia `Lift wrist to view info`, kisha `Response speed`. `Sensitive` huwasha mapema, mkono ukiwa bado njiani. `Normal` husubiri ushahidi zaidi, kwa hiyo inachelewa kidogo lakini haidanganyiki ovyo. Apple Watch haina kipimo cha namna hii: una kuwasha au kuzima `Wake on Wrist Raise` tu.

Chukua dereva wa bodaboda aliyevaa bangili mkono wa kulia, ule wa mafuta, huku programu ikisema kushoto na wepesi ukiwa `Sensitive`. Malalamiko yake: akiinua mkono kutazama saa, giza, akishusha mkono baada ya kuweka sawa kofia, kioo kinawaka. Hiyo ya kofia ndiyo inayotoa siri. Vidole vikiwa juu, upande wa namba 3 unatazama chini, sawasawa na mkono wa kushoto unaoning'inia, na kuushusha mkono hadi usukani kunafanana na kuinua. Kubadilisha mkono kwenye programu kunaondoa hilo. Kinachobaki ni kuwaka barabara ikiwa na mashimo, na hapo `Normal` inasaidia. Haitamaliza yote, kwani mkono ulioshika usukani tayari umeweka kioo kikitazama juu, na mtikisiko mmoja unatosha kukamilisha ishara.

Hatua ya 4: funga usiku. Kujigeuza kitandani ni kuinua mkono machoni pa sensa. Kwenye menyu ile ile ya `Lift wrist to view info` chagua ratiba badala ya siku nzima, tuseme 06:00 hadi 22:00. Apple Watch huzima ishara hii yenyewe ukiwasha `Sleep` au `Theater Mode`. Kwa hiyo saa iliyogoma ghafla mchana, kabla ya yote tazama juu ya kioo kama kuna alama ya vinyago viwili vya maigizo. Nimeshaona watu wakifuta saa nzima na kuanza upya kwa ajili ya alama hiyo.

Kuna hali moja ambayo mipangilio haitaiponya. Ukilala chali na kuinua saa juu ya uso, kioo kinatazama chini, kwa hiyo mvuto uko kinyume kabisa na ule saa inaousubiri. Hapo gusa kioo au bonyeza kitufe.